Vifaranga 50 vya Zawadi Vilivyoleta Ugomvi

Kijana mmoja kwenye kata yangu, anayeuza vifaranga, aliweka tangazo hili Facebook: "Jishindie vifaranga 50 vya chotara! Laiki, shea, tagi marafiki wengi. Mwisho Jumapili usiku."

Akashinda binamu yake. Watu wakamvaa kwenye komenti, na wateja wawili wa kudumu wakahama. Aliniapia kwamba hakupendelea, na mimi namwamini. Shida ni kwamba tangazo halikumpa njia ya kuthibitisha. Tukakaa kulipitia.

Kwanza, masharti ya kushiriki. Mtu akishea na akaunti yake imefungwa, wewe huoni, kwa hiyo huwezi kumhesabu. Tena Facebook wenyewe hawaruhusu kumlazimisha mtu ashee au atagi marafiki ndipo aingie kwenye shindano. Weka tendo moja tu ambalo kila mtu analiona: komenti. Na usiseme "nunua kwanza". Ukishadai hela, hiyo ni bahati nasibu, na inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, waulize kabla.

Pili, muda. "Jumapili usiku" ni usiku upi, wa kuamkia Jumapili au Jumatatu? Wengine walikomenti saa 5 usiku wakaambiwa wamechelewa. Andika tarehe, na chagua saa 12 jioni, maana haina utata.

Tatu, kumpata mshindi. Facebook huweka juu komenti inazoona zinafaa, nyingine huzioni mpaka uchague "All comments". Chagua hiyo, piga picha za skrini muda ukiisha, kisha mpe kila mtu namba kuanzia komenti ya kwanza.

Tangazo jipya likawa hivi:

"Zawadi: vifaranga 50 vya chotara, vya siku moja, kwa mshindi mmoja. Kushiriki ni bure: andika kwenye komenti jina la kata unayofugia. Mtu mmoja, komenti moja. Ya pili haihesabiwi. Ndugu zangu na wafanyakazi wangu hawashiriki. Mwisho: Jumamosi 14/6/2025, saa 12 jioni. Jumapili 15/6/2025 saa 10 jioni, mubashara hapa hapa, mteja asiye ndugu yangu ataokota karatasi mbili zenye namba: ya kwanza mshindi, ya pili wa akiba. Mshindi asipojibu ndani ya saa 48, zawadi inakwenda kwa wa akiba. Vifaranga vinachukuliwa bandani kwangu. Usafiri ni wa mshindi. Facebook haihusiki na shindano hili."

Sentensi ya usafiri usiiache. Mshindi akiwa mkoa mwingine, kifaranga cha siku moja kikipigwa baridi njiani kinakufa, na lawama zinakurudia wewe.

Ukishaliweka hewani, usibadilishe sharti katikati. Hata ukiona washiriki ni wachache, usiongeze siku. Waliowahi watajua umewachezea.