Nafasi Tupu Zilizoiangusha Tovuti

Tarehe 20 Julai 2016, tovuti ya Stack Overflow, wanakoulizana maswali waandishi wa programu, ilizimika kwa dakika 34. Hakukuwa na mdukuzi. Kulikuwa na chapisho moja lenye nafasi tupu zipatazo 20,000 mfululizo ndani ya mstari mmoja.

Kila mstari ulikuwa ukipunguzwa nafasi za mwanzoni na za mwishoni kwa kutumia rejeksi, yaani ruwaza fupi inayoieleza kompyuta maandishi ya kutafuta. Sehemu iliyoleta balaa ni hii:

```
[\s\u200c]+$
```

Ndani ya mabano zimetajwa aina za nafasi tupu, `+` ni "moja au zaidi", na `$` ni mwisho wa mstari. Kwa mistari ya kawaida, kazi huisha kufumba na kufumbua.

Safari hii nafasi hazikuwa mwishoni. Zilifuatwa na herufi. Injini ya rejeksi ilianzia nafasi ya kwanza, ikazizoa zote, ikagonga herufi. Ikaachia nafasi moja, ikaangalia kama hapo ndipo mwisho, sipo. Ikaachia nyingine, hivyo hivyo mpaka ikaishiwa. Binadamu angekwisha kuelewa. Injini ikahamia nafasi ya pili, ikaanza upya na 19,999, kisha ya tatu na 19,998. Ukijumlisha mpaka 1, unapata hatua kama milioni 200. Chapisho hilo lilikuwa kwenye ukurasa wa mwanzo, na ukurasa huo ndio uliotumiwa kupima uzima wa seva. Ulipochelewa kujibu, seva zikahesabiwa zimekufa, zikaondolewa kazini.

Dawa ni kuizuia injini isianzie katikati ya mlolongo:

```
(?<![\s\u200c])[\s\u200c]+$
```

Nyongeza hiyo inasema: usianzie hapa ikiwa nyuma yako kuna nafasi tupu. Nafasi ya kwanza tu ndiyo inayopita. Zilizobaki hukataliwa papo hapo, na hatua zote hazifiki laki moja. Stack Overflow wenyewe waliiacha rejeksi kabisa, wakakata maandishi kwa programu ya kawaida. Kwa kazi nyepesi kama hii, naona ndiyo njia bora.

Kuna ruwaza mbaya zaidi: `(\s+)+$`, yenye kurudia ndani ya kurudia. Injini nyingi hujaribu kila namna ya kuugawa mlolongo mafungu, na kila nafasi inayoongezeka huzidisha kazi maradufu. Nafasi 30 na herufi moja mwishoni zaweza kutosha kuikwamisha. Ondoa `+` ya nje pamoja na mabano yake. Itanasa yale yale.

Unapopima, tumia maandishi yanayokaribia kulingana kisha yakashindwa mwishoni, kwa sababu yanayolingana hufichua kidogo sana. Ukirefusha mlolongo mara mbili na muda ukawa mara nne, ugonjwa ni ule wa kwanza. Ukiongeza nafasi moja tu na muda ukawa maradufu, ni huu wa pili.