Siku Moja Kati ya Ishirini

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mwenyekiti wa benki ya J.P. Morgan ya New York, Dennis Weatherstone, aliagiza jambo dogo. Kila siku ifikapo saa 10 na robo alasiri, robo saa tu baada ya soko la hisa la jiji hilo kufungwa, awekewe mezani karatasi moja inayomwambia benki nzima inaweza kupoteza kiasi gani kufikia kesho.

Jibu la kweli kabisa la swali hilo ni “zote”. Lakini mwenyekiti akiambiwa hivyo kila jioni, karatasi haina kazi. Kwa hiyo wataalamu wake wakaligeuza swali: tukiziacha kando siku mbaya kupindukia, tuseme moja kati ya ishirini, katika siku kumi na tisa zilizobaki hasara haitazidi kiasi gani? Hilo lina jibu, na jibu lake ni kiasi kimoja cha fedha. Kinaitwa thamani iliyo hatarini kwa siku moja. Kwenye skrini za mabenki utaiona kwa herufi tatu, VaR. Mnamo Oktoba 1994 benki hiyo iliutoa hadharani utaratibu wake wa kuikokotoa, kwa jina la RiskMetrics, na tangu hapo umeenea duniani.

Hesabu yenyewe haihitaji jengo la ghorofa hamsini. Tuchukue kapu dogo. Mtu yuko Dar es Salaam, ana hisa za shilingi 20,000,000: milioni 12 ameziweka katika benki, milioni 8 katika kampuni ya bia. Takwimu zote za kapu hili ni zangu, za mfano, ila hesabu ni ileile wanayofanya wakubwa.

Kwanza anahitaji historia. Anachukua bei za kufungia soko za mwaka mmoja, ambazo ni kama siku 250 za biashara, na kwa kila siku anaandika bei imepanda au kushuka kwa asilimia ngapi tangu jana yake. Zitakuwepo siku za kupanda nusu asilimia, siku za kushuka moja na robo, siku za kusimama palepale. Kutoka katika safu hiyo anatafuta mkengeuko wastani, yaani kipimo cha jinsi siku za kawaida zinavyotangatanga mbali na wastani wake. Tuseme hisa ya benki ina mkengeuko wa asilimia 1.5 kwa siku, na ya bia asilimia 1. Ukizigeuza kuwa fedha, milioni 12 za benki zinatikisika kwa shilingi 180,000 na milioni 8 za bia kwa shilingi 80,000.

Je, wastani wenyewe? Tunauchukulia kuwa sifuri. Hata kapu likikua kwa asilimia 12 kwa mwaka, ukuaji huo ukigawanywa kwa siku 250 unabaki kama shilingi 9,600 kwa siku, kiasi kinachomezwa na mtikisiko wa asubuhi moja.

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Mtu anajumlisha 180,000 na 80,000, anapata 260,000, anaridhika. Lakini jumla hiyo ingekuwa sahihi iwapo tu hisa hizo mbili zingecheza ngoma moja, hatua kwa hatua, kila siku. Sivyo zilivyo. Kuna siku benki inashuka kwa sababu ya habari za mikopo chechefu, na watu wanaendelea kunywa bia kama jana. Kipimo cha jinsi zinavyofuatana huanzia -1, pale ambapo moja ikipanda nyingine lazima ishuke, hadi 1, pale ambapo hazitengani. Tuseme zetu zina 0.3: zinafuatana kidogo tu. Tukihesabu kwa maelfu ya shilingi, mkengeuko wa kapu zima unapatikana hivi:

```
180^2 + 80^2 + 2*0.3*180*80
= 32400 + 6400 + 8640
= 47440
sqrt(47440) = 217.8
```

Kapu linatikisika kwa shilingi 217,800 kwa siku, wala si 260,000. Tofauti ya 42,200 haikutokana na ujanja wa mhasibu. Ni faida ya kutoweka mayai yote kapu moja, na hapa unaiona kwa shilingi.

Sasa inakuja dhana inayobeba mzigo wote. Tunakubali kwamba mabadiliko ya kila siku yanafuata mgawanyo wa kawaida, ule mchoro wenye umbo la kengele: siku nyingi zimejazana katikati, na kadiri unavyokwenda pembeni zinapungua haraka. Ukishalikubali umbo hilo, mkengeuko mmoja unatosha kukuambia mengine yote. Asilimia 5 ya siku zilizo mbaya zaidi huanzia mikengeuko 1.645 chini ya wastani. Asilimia 1 huanzia 2.326. Aliyesoma takwimu shuleni atakumbuka 1.96 na kushtuka. Ile ni ya kukata mikia yote miwili, wa faida na wa hasara. Hapa tunakata mmoja tu, kwani hakuna anayekosa usingizi kwa kuogopa kupata faida.

Zidisha. Kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95, 1.645 mara 217,800 ni kama shilingi 358,300. Kwa asilimia 99, 2.326 mara 217,800 ni kama 506,600. Mwenye kompyuta anaweza kufika kwa njia ya mkato: akokotoe mabadiliko ya kapu zima kwa kila siku ya mwaka uliopita, akitumia mgawo wa leo wa 60 kwa 40, kisha kwenye jedwali aandike:

```
=NORM.S.INV(0.95)*STDEV.S(B2:B251)*20000000
```

Jibu litakuwa lilelile, maana uhusiano wa hisa hizo mbili tayari umo ndani ya safu.

Tuseme basi mwenye kapu amepata 358,300. Amejua nini? Amejua kwamba, iwapo mwaka ujao utafanana na uliopita na kengele ni ya kweli, atarajie siku 12 au 13 kati ya 250 za kupoteza zaidi ya kiasi hicho. Rudia maneno hayo mawili, zaidi ya. Nimewahi kumsikia mtu mzima mwenye shahada akisema namba hii ndiyo “hasara kubwa kabisa”. Sivyo. Ni kizingiti cha mlango wa chumba cha siku mbaya. Haisemi chumba chenyewe kina kina gani.

Wala kiwango cha uhakika hakisemi ni kwa kiasi gani uiamini namba. Kinasema umechagua kukata mkia mahali gani. Ukihama kutoka 95 kwenda 99, namba inakua lakini kapu halijabadilika hata hisa moja. Mimi binafsi naipenda 95 kwa mtu mwenye kapu dogo, kwa sababu moja ya kawaida sana: siku 12 kwa mwaka anaweza kuzihesabu na kujua kama hesabu yake inafanya kazi. Za asilimia 99 ni mbili au tatu tu, na kwa siku mbili au tatu huwezi kutofautisha kosa na bahati. Isitoshe, kadiri unavyosogea pembeni ndivyo unavyoitegemea zaidi kengele pale ilipo dhaifu.

Maana soko halifuati kengele huko pembeni. Chini ya mgawanyo wa kawaida, kushuka kwa mikengeuko mitano kwa siku moja kungetokea mara moja katika siku milioni tatu na nusu hivi, yaani kama miaka 14,000 ya biashara. Oktoba 19, 1987, kipimo cha Dow Jones cha New York kilishuka kwa asilimia 22.6 kwa siku moja. Kwa kapu lenye mtikisiko kama wa letu hiyo ni zaidi ya mikengeuko 20, siku ambayo kengele inasema haiji hata ukingoja umri wa dunia nzima. Ilikuja, Jumatatu. Na siku kama hizo hisa husahau ile 0.3: wote wanauza kila kitu kwa pamoja, uhusiano unakimbilia 1, na faida ya kutawanya mayai inayeyuka wakati ndiyo inahitajika.

Katika masoko madogo, la Dar es Salaam likiwemo, kuna mtego mwingine usioonekana kirahisi. Zipo hisa zinazoweza kukaa siku kadhaa bila kuuzwa. Bei inabaki ya juzi, safu inajaa sifuri, mkengeuko unapungua, na hesabu inakwambia una hisa tulivu kumbe una hisa isiyo na mnunuzi. Hata neno “siku moja” linakuwa la kudanganya, kwa sababu linadhani kesho unaweza kutoka. Kama kutoka kutakuchukua siku kumi za biashara, zidisha kwa kipeuo cha pili cha kumi, ambacho ni kama 3.16: zile 358,300 zinakuwa takribani 1,133,000. Na hata hapo umedhani kwamba kushuka kwa leo hakuivuti kesho.

Wasimamizi wa mabenki walilijua tatizo hili mapema. Kanuni za Basel za 1996 ziliruhusu benki zitumie hesabu zao kwa asilimia 99, lakini ziliweka mtihani: linganisha makadirio ya kila siku na hasara iliyotokea, kwa siku 250. Ukivuka kizingiti mara 4 au pungufu, uko kijani. Mara 5 hadi 9, njano. Mara 10 na kuendelea, nyekundu, na benki inalazimika kutenga mtaji zaidi. Baadaye, katika kanuni mpya za 2016, Kamati ya Basel iliamua kwa mahitaji ya mtaji kuuliza swali lililoachwa nje tangu mwanzo: siku ikishavuka kizingiti, wastani wa hasara ni kiasi gani?

Mwenye kapu letu hahitaji kamati. Anahitaji daftari lenye safu mbili, makadirio ya jioni na hasara ya kesho yake, na alama kila siku kizingiti kinapovukwa. Aangalie pia alama zimekaaje. Zikiwa kumi na mbili lakini nane kati yake zimerundikana katika wiki tatu, mkengeuko wa mwaka mzima umechelewa kuona soko limechafuka, na siku za karibuni zinastahili kupewa uzito zaidi, kama RiskMetrics walivyofanya tangu 1994. Na zikifika 25, asilaumu bahati. Namba yake ni ndogo mno, na alikuwa amebeba hatari kubwa kuliko aliyodhani mwaka mzima.