Nusu, Robo, Thumuni

Chukua rula ya shule, ile ya sentimita 30, uilaze mezani. Bandika ushanga mmoja kwenye alama ya 9, mwingine kwenye 10, wa tatu kwenye 11. Tuseme shanga za pembeni zina chaji chanya ya nanokulombi 1 kila mmoja, na wa katikati una chaji hasi ya nanokulombi 2. Ukijumlisha zote unapata sifuri. Mpangilio huu wanafizikia wanauita kwadrupoli ya mstari. Sasa simama kwenye alama ya sifuri uulize: hapa pana volti ngapi?

Hesabu yenyewe ni ya kugawanya tu. Chaji ya nanokulombi 1 hutoa volti 900 ukigawanya kwa umbali wa sentimita. Kwa hiyo ushanga wa kwanza unatupa 900 kwa 9, yaani volti 100. Wa katikati unatutoa 180. Wa mwisho unaongeza 81.8. Jumla: volti 1.8 tu. Ushanga mmoja chanya, ungekuwa peke yake pale kwenye 10, ungetupa 90.

Zimekwenda wapi? Uvunje ule ushanga wa katikati vipande viwili sawa, uone kwamba tuna jozi mbili zilizogeuziana migongo. Jozi ya karibu, chanya kwenye 9 na hasi kwenye 10, ni dipoli: 100 kutoa 90, inabaki 10. Jozi ya mbali nayo ni dipoli, ila imegeuzwa: 81.8 kutoa 90, yaani hasi 8.2. Dipoli ni kile kinachosalia chaji mbili zinapofutana; kwadrupoli ni kile kinachosalia dipoli mbili zinapofutana. Ni masalio ya masalio.

Sogeza shanga zote hadi 19, 20 na 21. Chaji moja sasa inatoa volti 45, nusu ya mwanzo. Dipoli ya karibu inatoa 2.37, karibu robo ya ile 10. Kwadrupoli nzima inatoa 0.23, ambayo ni thumuni ya 1.8. (Wazee wanaijua sumuni kama sarafu ya senti 50, mimi hapa namaanisha sehemu moja ya nane.)

Sababu iko kwenye umbo la mteremko. Volti za chaji moja hushuka kwa kasi ukiwa karibu, halafu mteremko unalala kadiri unavyokwenda mbali. Dipoli inapima hatua moja ya sentimita inashusha kiasi gani. Kwa mbali, hatua hiyo ni ndogo sana ukilinganisha na safari nzima, kwa hiyo dipoli inadhoofika mara mbili: volti zenyewe zimepungua, na uzito wa hatua umepungua. Kwadrupoli inapima hatua moja inatofautianaje na inayofuata, na mteremko uliokwisha kulala hauna tofauti kubwa ya kuonyesha. Ndiyo maana inadhoofika mara tatu. Kwa fomula, kwenye mstari wa shanga:

V = 2kqd²/r³

ambapo d ni nafasi kati ya shanga na r ni umbali hadi wa katikati. Ukiwa ubavuni badala ya mbele, kwa r ileile, volti zinakuwa hasi na nusu ya hizo kwa ukubwa. Fomula hii ni ya mbali tu. Kwa sentimita 10 inakosea kama asilimia 1. Kwa sentimita 2 inasema 225 wakati jibu la kweli ni 300.

Kinachoharibu jaribio hasa ni ulinganifu usiotimia. Tuseme ushanga wa katikati una hasi 1.99 badala ya 2. Kwa mita 1, kile kisalio kidogo kinatoa volti 0.09, na kwadrupoli yenyewe 0.0018: mgeni kamzidi mwenyeji mara hamsini. Utamgundua kwa kuongeza umbali maradufu. Volti zikishuka kwa nusu, kuna chaji iliyobaki. Zikishuka hadi robo, nafasi kati ya shanga hazilingani na umebaki na dipoli. Zikishuka hadi thumuni, kazi yako ni safi.

Asili nayo ina rula yake: molekuli ya kabonidayoksaidi. Kaboni iko katikati, chanya kidogo, na oksijeni mbili hasi ziko pande zote mbili kwenye mstari ulionyooka, hivyo dipoli zake zinafutana kabisa. Maji yamepinda kwa nyuzi 104.5, kwa hiyo dipoli yao inabaki. Uga wa umeme ulio sawa kila mahali hauwezi kuishika kwadrupoli na kuigeuza. Unahitaji uga unaobadilika kutoka sehemu hadi sehemu. Mwaka 1963 Buckingham na Disch walipitisha mwanga katika gesi hiyo ndani ya uga wa namna hiyo, na kutokana na jinsi mwanga ulivyobadilika wakapima kwadrupoli ya molekuli.