Je, Wajua? Chipu Yenye Nguvu Mara 200,000 Huanza Kulegea Kwenye Hezi 5!

Je, wajua kuwa opampu ya 741, iliyotolewa na Fairchild mwaka 1968, hukuza mawimbi karibu mara 200,000 ikiachwa bila mrejesho? Ila subiri: nguvu hiyo huanza kushuka kwenye hezi 5 tu! Sikio lako wewe huanza kusikia kwenye hezi 20.

Na wajua kuwa ilifanywa hivyo makusudi? Ndani yake imewekwa kapasita ya pikofaradi 30. Bila hiyo, ukiirudishia mawimbi mengi, ingeanza kutetema yenyewe.

Haya, tuipe kazi. Funga rezista ya kiloomu 99 kutoka mguu wa 6 hadi wa 2, na ya kiloomu 1 kutoka mguu wa 2 hadi graundi, kisha ingiza mawimbi mguu wa 3. Hesabu inasema mara 100. Kwenye umeme usiobadilika utapata 99.95! Rezista zako za asilimia 1 zinaweza kukosea kuliko chipu yenyewe.

Panda sasa hadi kilohezi 1. Nguvu ya ndani imebaki mara 1,000 tu, na hesabu ya haraka inakuambia utapata 90.9. Pima: ni 99.5! Nguvu ile ya ndani sasa inachelewesha mawimbi kwa nyuzi 90, kwa hiyo kosa halipunguzi moja kwa moja. Linaingia kwa pembe mraba, na urefu wa wimbi hauguswi sana. Mimi hili hunifurahisha kuliko yote.

Wataka kuona mwisho wake? Kwenye kilohezi 10 nguvu ya ndani ni mara 100, sawa kabisa na ulichoomba. Hapo unapata 70.7, na wimbi linatoka likiwa limechelewa nyuzi 45. Zidisha 100 kwa kilohezi 10: megahezi 1. Omba mara 10 tu, utafika kilohezi 100!

Basi je, wajua kuwa chipu mbili za mara 10, moja nyuma ya nyingine, hukupa mara 100 ileile hadi karibu kilohezi 64? Chipu moja iliishia 10!

Lakini angalia osiloskopu yako vizuri. Wimbi la kutokea likipita kilele cha volti 8 hivi kwenye kilohezi 10, linaanza kunyooka kuwa pembetatu, kwa sababu 741 hupanda nusu volti tu kwa mikrosekunde. Huo ni ugonjwa mwingine. Punguza mawimbi ya kuingia kwa nusu: ukuzaji ukibaki 70.7, ni nguvu ya ndani iliyopungua. Ukipanda, chipu ilikuwa inashindwa kukimbia.