Doa linajirudia kwenye lebo? Shika rula kabla hujanunua tona

Hii ni kwa mnaoprinti lebo za mizigo kwa printa ya leza. Karatasi inatoka na kidoa cheusi, chini yake kingine, halafu kingine, vyote kwenye mstari mmoja na kwa umbali uleule. Kikiangukia namba ya simu ya mteja, dereva atampigia nani? Wengi hapo wanakimbilia kununua tona. Subiri kwanza.

Ndani ya printa karatasi inapita kwenye dramu na rola kadhaa za duara. Mojawapo ikiwa na uchafu au mkwaruzo sehemu moja, kila ikimaliza mzunguko inaweka doa tena, kama gurudumu lenye tope linavyochafua sakafu. Kwa hiyo umbali wa doa hadi doa ndio mzunguko wa kifaa chenye tatizo. Rola nyembamba huacha madoa ya karibu karibu, dramu huacha ya mbali.

Tuchukue printa ndogo za Brother ambazo tona na dramu zinauzwa mbalimbali. Pima kutoka doa la kwanza hadi la tatu, kisha gawa kwa mbili. Ukipata milimita 188, nusu yake ni 94. Huo ni mzunguko wa dramu yenye upana wa milimita 30, kwa hiyo shida ni dramu. Tona mpya haitaondoa hilo doa, utakuwa umetupa hela.

Na dramu yenyewe usiinunue bado. Mara nyingi ni gundi ya stika iliyoganda juu yake. Printi kwanza karatasi nyeupe tupu kama kumi hivi, huenda uchafu ukatoka nazo. Ukigoma, zima printa, iache ipoe, toa dramu na uitenganishe na tona. Weka ile karatasi yenye madoa sambamba na dramu ujue uchafu uko upande gani, zungusha taratibu hadi uuone, kisha ufute kwa pamba kavu ya masikio. Usikwangue kwa kisu wala kucha, na usiiache dramu kwenye mwanga mkali. Kama ni mkwaruzo, hautafutika. Hapo ndipo unanunua dramu.

Kwa printa nyingi ndogo za HP, dramu iko ndani ya katriji. Dramu ya milimita 24 huacha madoa kila milimita 75 hivi, na hapo kubadili katriji kunamaliza kazi.

Umbali ukiwa tofauti na huo, mpe fundi kipimo chako alinganishe na jedwali la rola za modeli yako. Ila madoa yaliyotawanyika ovyo, au mstari mrefu usiokatika, havipimwi kwa njia hii.

Na shiti ya stika iliyokwisha kubanduliwa baadhi ya lebo, usiirudishe kwenye printa. Gundi inaanzia hapo.