Mwajiri Aambiwe Saa, Asiambiwe Ugonjwa

Fundi cherehani katika kiwanda cha nguo jijini Dar es Salaam huchoma insulini mchanganyiko asubuhi na jioni. Sehemu ya dozi ya asubuhi hupata nguvu kuelekea mchana, awe amekula au hajala. Siku msimamizi anaposogeza mapumziko kutoka saa saba hadi saa tisa ili oda imalizike, sukari ya fundi huyu hushuka. Anatokwa jasho, mikono inatetemeka, macho yanafifia, na sindano ya cherehani bado inakimbia mbele ya vidole vyake.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mapumziko ya dakika 60 akifanya kazi mfululizo zaidi ya saa tano. Haimtajii saa ya kula. Pengo hilo ndilo linalozibwa na barua ya mtaalamu wa lishe, na si lazima barua hiyo itaje kisukari. Yatosha iseme hivi:

“Yah: Muda wa kula wa mfanyakazi wenu. Kwa ridhaa yake ya maandishi, nawajulisha kuwa kwa sababu za kiafya anahitaji kula chakula cha mchana kati ya saa 6:30 na saa 7:30, bila kuahirishwa. Kupewa dakika kumi za kitafunwa saa 4:00 asubuhi. Na kuwa na kinywaji chake karibu, akitumie wakati wowote. Mahitaji haya yatapitiwa upya baada ya miezi sita.”

Angalia neno “kinywaji”. Ukiandika “glukosi”, umeshataja ugonjwa. Siri huvuja zaidi pale ambapo mwandishi hakuangalia: barua haina neno baya, lakini muhuri umeandikwa “Kliniki ya Kisukari”. Utumike muhuri wa jumla wa hospitali.

Mfanyakazi aisome barua kwanza, kisha iende kwa afisa rasilimali watu ndani ya bahasha iliyofungwa. Msimamizi apewe zile saa tu. Afisa akipiga simu kuuliza zaidi, mtaalamu athibitishe kwamba barua ni yake, aishie hapo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka habari za afya katika kundi la taarifa nyeti, zinazohitaji ridhaa ya maandishi ya mwenyewe.

Liko jambo moja ambalo barua haiwezi kulifanya. Fundi akizidiwa, jirani yake wa mashine lazima ajue kumpa kitu cha sukari upesi angali anaweza kumeza. Kwa usalama wake ningemshauri amwambie mwenzake mmoja anayemwamini, lakini uamuzi ni wake.

Nawe ukipewa barua iliyotaja ugonjwa wako bila wewe kutaka, usiipeleke kazini. Irudishe kwa aliyeiandika, uombe nyingine.