Galari nyeupe, simu imejaa

Shangazi yangu ni fundi cherehani Tanga, na simu yake ya GB 32 ndiyo daftari lake la vipimo na mitindo. Siku moja simu ikakataa kupiga picha: nafasi imekwisha. "Mwanangu," akaniuliza, "mbona makundi yote ya WhatsApp nimeyazima? Galari yenyewe nyeupe!"

Alichozima ni "Media visibility", ile inayopatikana ukigusa jina la kundi. Ukichagua "No", picha na video mpya za kundi hilo hazionekani galarini, lakini simu inaendelea kuzipokea. Zinakwenda kwenye folda ndogo iitwayo Private, ndani ya Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Media. Kwa hiyo alikuwa ameficha mzigo, hakuuzuia.

Tulifungua "Settings", "Storage and data", kisha "Manage storage", ambako kila chati hujipanga kwa uzito wake. WhatsApp ilibeba GB 9. Kundi la michango ya harusi lilishika GB 4 peke yake, na harusi ilishapita mwaka juzi! Tukafuta video zake, tukihakikisha tunafuta na nakala zilizosambazwa kwingine, kwa sababu video ileile ikibaki kwenye chati nyingine, nafasi hairudi.

Bado karibu GB 3 hazikuwa na maelezo. Zilikuwa kwenye folda ya Databases, jirani ya Media. Kila usiku WhatsApp huhifadhi humo nakala ya ujumbe wote wa maandishi, na huziacha nakala za siku kama saba. Ya shangazi ilikuwa na MB 400. Zidisha kwa saba. Tulifuta zenye tarehe kwenye jina na kuibakiza msgstore.db.crypt14, ambayo ndiyo mpya kuliko zote. Kwenye simu nyingine mwisho wake ni crypt15. Nakala hizo zitarundikana tena baada ya wiki, kwa hiyo dawa ya kudumu ni kusafisha chati zenyewe.

Lakini video ziliingiaje, wakati yeye hununua bando dogo? Upakuaji wa moja kwa moja hupangwa kwa aina ya mtandao, si kwa kundi. Kwenye bando alikuwa ameuzima. Dukani anatumia wai-fai ya jirani, na huko kila kitu kilikuwa kimeruhusiwa, kama WhatsApp inavyokuja.

Tukaondoa alama zote chini ya "When connected on Wi-Fi". Sasa kuchagua cha kupakua kunafanywa na kidole chake: picha ya mteja anaigusa ifunguke, video ya kundi inabaki kivuli chenye ukungu. Ujumbe wa sauti bado huingia wenyewe. Nimemwonya asichelewe kuifungua picha ya kipimo, kwani ikikaa muda mrefu bila kuguswa WhatsApp itamwambia amwombe mteja aitume upya.